Nani Alimuua Nani: Vichwa vya Habari Chini ya Uchanganuzi Hakiki wa Usemi

Ndugu zangu, walimu na wanafunzi, leo ninataka tutumie uchanganuzi hakiki wa usemi, yaani kuchunguza jinsi maneno na muundo wa sentensi vinavyobeba msimamo wa mwenye kuandika, na tushughulike na tukio moja tu. Jumapili ya tarehe 1 Juni 1975, polisi wa Rhodesia walifyatua risasi katika mtaa wa Highfield, Salisbury, mji ambao leo unaitwa Harare. Kesho yake magazeti mawili ya Uingereza yaliripoti habari hiyo. Kwa Kiswahili changu, The Guardian liliandika: "Polisi Waua 11 kwa Risasi Katika Ghasia za Salisbury". The Times liliandika: "Weusi Wenye Ghasia Wauawa kwa Risasi na Polisi Viongozi wa ANC Wakikutana". ANC hapo ni African National Council ya Zimbabwe, si chama cha Afrika Kusini.

Ni mtafiti Tony Trew aliyeviweka vichwa hivi pamoja, katika kazi iliyotoka mwaka 1979. Tufuate hatua zake. Kwanza tunauliza nani ni mtenda na nani ni mtendwa, na kila mmoja amekaa wapi. Katika The Guardian, polisi wanatangulia na kitenzi ni chao. Katika The Times, waliokufa ndio wanaotangulia, nao wanakuja wakiwa wameshapewa sifa: wana ghasia. Kabla msomaji hajajua kwamba wamekufa, ameshapewa sababu ya kufa kwao. Kisha tunauliza ni majina gani mengine yaliwezekana. Waandamanaji? Wakazi? Umati? Jina lililochaguliwa lina maana kwa sababu hayo mengine yalikuwapo.

Hapa wanafunzi wengi hukimbilia kusema kwamba The Times lilimficha mtenda. Hapana. "Na polisi" imo. Na hata The Guardian limeandika ghasia. Tofauti ipo, lakini ni ndogo kuliko tunavyopenda kuisimulia darasani.

Jambo zito linaonekana siku iliyofuata. The Times la tarehe 3 Juni linazungumzia mpasuko unaoitishia ANC, na habari yenyewe inazitaja ghasia za Jumapili ambamo Waafrika 13 waliuawa. Sasa polisi hawamo. Katika sentensi hiyo watu wanauawa ndani ya ghasia, na ghasia zimekuwa nomino inayosimama peke yake, haihitaji mtu wa kuitenda. Ndiyo maana ninasisitiza tufuatilie habari kwa siku kadhaa. Kichwa kimoja kinatupa dhana tu. Mfululizo unatuonyesha mtenda akiondoka hatua kwa hatua.

Kiswahili kina njia zake. "Maandamano yavunjwa" ni kauli ya kutendwa: tunaweza kuongeza "na polisi", kwa hiyo swali la nani amevunja linabaki wazi. "Maandamano yavunjika" ni kauli ya kutendeka, na hapo "na polisi" haikubali kuingia. Atakayechambua magazeti yetu kwa kuhesabu kauli ya kutendwa peke yake, kwa kufuata vitabu vya Kiingereza, atapitwa na nusu ya mambo.

Sasa pingamizi. Mwanaisimu Henry Widdowson, mwaka 1995, alisema kwamba wanaofanya uchanganuzi hakiki wa usemi wanafika kwenye matini wakiwa na msimamo, wanachagua vipengele vinavyouunga mkono, kisha wanauita uchambuzi. Mimi naona ana hoja ya kweli, na haijibiki kwa kusema kwamba kila mtu ana msimamo. Inajibika kwa kazi.

Chukua kauli ya kutendwa. Huenda The Times lilianza na waliouawa kwa sababu vichwa vya vifo kwa kawaida huanza na marehemu; yeye ndiye habari. Basi kusanya vichwa vyote vya mauaji katika gazeti hilo kwa miezi kadhaa. Kama waliouawa na majambazi nao wanatangulizwa vivyo hivyo, muundo huo hauthibitishi upendeleo kwa polisi, na dai lako linaanguka. Kama majambazi wanatajwa mwanzoni na polisi wanasukumwa mwishoni au kuachwa, una ushahidi. Andika kabla ya kuhesabu ni matokeo gani yatakufanya uliache dai. Mpe pia mwenzako vichwa hivyohivyo avipange bila kuona mpangilio wako. Mkitofautiana sana, vigezo vyenu havijaeleweka.

Kuna sehemu ya pingamizi ambayo hesabu haiigusi. Kuonyesha kwamba mtenda ameachwa ni dai kuhusu matini. Kusema kwamba msomaji amesahau aliyefyatua risasi ni dai kuhusu msomaji, na gazeti peke yake haliwezi kulithibitisha. Msomaji aliyesoma habari ya tarehe 2 Juni huenda aliifungua ya tarehe 3 akijua vizuri nani aliua. Na wala hatuwezi kusema kwamba mhariri alikusudia: anayeandika kichwa mara nyingi si mwandishi wa habari, naye anabanwa na upana wa safu. Anayetaka kudai athari lazima awape wasomaji matoleo mawili ya habari ileile, kila kundi toleo lake, kisha awaulize nani alaumiwe. Bila hivyo, tasnifu iishie kwenye kile kilichoandikwa ukurasani.