"Sinywi dawa yoyote": mfupa wa taya unaokufa baada ya jino kung'olewa

Mhadhara kwa madaktari wa meno, matabibu wa meno na wauguzi, Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalirudia, kwa sababu mwezi uliopita tu nimeletewa mgonjwa mwengine wa aina ile ile.

Nianze na bibi wa kwanza, yule aliyenifundisha. Alikuja kliniki akiwa na gego la chini, upande wa kulia, linalegea na kuuma. Alikuwa ameshalitia mafuta ya karafuu wiki nzima, kama tufanyavyo sote kisiwani hapa. Nikamuuliza, "Bibi, unakunywa dawa gani?" Akanijibu, "Sinywi dawa yoyote, mwanangu. Presha sina, sukari sina." Nikaandika kwenye kadi: hakuna dawa. Nikamtia ganzi, nikang'oa. Jino lilitoka bila ya tabu, hata dakika kumi hazikufika.

Wiki ya tatu akarudi. Shimo halijajaa nyama, linanuka, na linamuuma. Nikafikiri ni tundu kavu, ambalo sote tunalijua. Nikalikwangua nikitaka litoke damu, nikampa antibiotiki, nikamwambia asukutue kwa maji ya chumvi. Baada ya wiki mbili akarudi tena, na sasa shimo limetanuka. Nikakwangua mara ya pili. Naomba mkiweke kichwani hiki: mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilikuwa naupanua ugonjwa. Mwezi wa tatu nikaona mfupa umekaa wazi, rangi ya manjano iliyochujuka, mkavu, ukiugusa kwa chombo bibi hasikii chochote. Na mdomo wake wa chini, upande ule, ukaanza kufa ganzi.

Hapo ndipo bintiye, aliyekuwa amekaa mlangoni, akasema, "Daktari, au ni ile dripu ya mifupa anayotundikiwa Dar?"

Bibi alikuwa na saratani ya titi iliyofika kwenye mifupa ya mgongo. Kwa miaka miwili alikuwa akivuka bahari kila baada ya wiki nne, anatundikiwa zoledroneti miligramu 4, kisha anarudi Pemba. Hakunidanganya. Nilimuuliza anakunywa nini, na dripu hainywewi.

Kosa lilikuwa katika swali langu, na ndilo swali ambalo wengi wenu bado mnaliuliza leo asubuhi. Mtu wetu akisikia "dawa unazokunywa" anafikiria vidonge vya kila siku, vya presha na sukari. Sindano ya mara moja kwa mwezi haihesabu. Kidonge cha alendroneti cha miligramu 70 kinachomezwa mara moja kwa wiki, hicho pia anakisahau. Na zoledroneti ya miligramu 5 ya mifupa iliyopungua nguvu hutiwa mara moja tu kwa mwaka, nani ataikumbuka?

Kwa hiyo ulizeni hivi: "Umewahi kutundikiwa dripu au kuchomwa sindano ya mifupa, hata kama ni miaka iliyopita? Umewahi kutibiwa saratani? Kuna kidonge unachomeza mara moja kwa wiki, ukiwa na njaa, ukaambiwa usilale baada yake?" Swali hili la mwisho linakamata wengi, kwa sababu sharti la kukaa wima nusu saa hakuna anayelisahau. Na muulizeni pia aliyemsindikiza.

Kwa nini nasema "hata miaka iliyopita"? Mfupa hauko kama jiwe. Kuna seli zinazoula mfupa wa zamani na nyengine zinazojenga mpya, na kidonda cha jino kinahitaji kazi zote mbili ili kipone. Bisfosfoneti, yaani zoledroneti, alendroneti na wenzao, huganda kwenye mfupa wenyewe, na seli mlaji anapouuma mfupa huo anaimeza dawa, analemaa, anakufa. Taya hujengwa upya kwa kasi kuliko mifupa mingi, linatafunia kila siku, na limefunikwa na ufizi mwembamba tu, upande wa pili kuna vijidudu. Taya la chini ndilo linaloathirika zaidi. Dawa iliyokwisha kuingia mfupani hubaki humo miaka.

Najua kuna anayetaka kuniuliza: basi si tumwambie aache dripu miezi miwili, kisha tung'oe? Nimejibu mara nyingi, nitajibu tena. Miezi miwili haiwezi kuitoa dawa iliyokaa mfupani kwa miaka, na ushahidi kwamba kusitisha kunamlinda mgonjwa haujathibitika. Wakati huo huo dripu ile inamzuilia mgonjwa wa saratani asivunjike mgongo. Hilo si letu kuliamua sisi peke yetu. Pigeni simu kwa daktari wake wa saratani, mzungumze.

Na mwengine atasema: basi tusing'oe kabisa. Hapana! Jino lenye usaha likiachwa, uchafu huo nao unaweza kuuanzisha ugonjwa bila ya koleo kugusa. Hatari pia haiko sawa kwa wote. Anayemeza kidonge cha wiki kwa ajili ya mifupa iliyopungua nguvu, baada ya kung'olewa hatari yake ni chini ya mtu 1 kati ya 100. Msimtishe, msimkatae, mng'oeni kwa utulivu. Anayetundikiwa dripu ya saratani kila mwezi ndiye wa kumpangia. Tafiti kwa kundi hili zinatoa kuanzia 1 au 2 hadi karibu 15 kati ya 100.

Kwa gego la yule bibi, kumpangia kungekuwa hivi. Kwanza picha ya eksirei. Ikiwa mizizi inatibika, naikata sehemu ya juu ya jino usawa wa ufizi, natibu mizizi, naiacha ndani ya mfupa. Si nzuri kuitazama, lakini mfupa haukufunuliwa. Gego lake lilikuwa limelegea mno, pengine lingetaka kutoka tu. Basi ningeling'oa moja, bila ya kugusa jengine siku hiyo. Ningelainisha kingo kali za mfupa, ningeshona ufizi bila ya kuuvuta, ningempa klorheksidini ya kusukutua na antibiotiki, kisha ningemtazama kila baada ya wiki moja au mbili hadi ufizi ufunge. Mfupa ukionekana wazi zaidi ya wiki 8, kwa mtu aliyetumia dawa hizi na hajapigwa mionzi tayani, huo ndio ugonjwa wenyewe. Msisubiri wiki 8 kuanza kushuku.

Naona wakati unanibana, adhuhuri imekaribia. La denosumabu sitaligusa. Si bisfosfoneti ingawa nayo inaleta haya haya, na mpango wake ni tofauti. Lakini hili la mwisho siliachi: mgonjwa wa saratani aje kwetu kabla ya dripu ya kwanza. Yanayopaswa kung'olewa yang'olewe, yapewe wiki mbili au tatu ufizi ufunge, ndipo aanze, ikiwa saratani yenyewe inaruhusu kusubiri.

Bibi? Niliacha kukwangua. Alisukutua klorheksidini kila siku, usaha ukija tukampa antibiotiki. Baada ya miezi saba kipande cha mfupa, kidogo kama kokwa ya tende, kikalegea chenyewe, nikakichukua kwa kibanio bila ya kuvuta. Ufizi ukafunga juu ya shimo. Ganzi ya mdomo haikuondoka, na chai ya moto mpaka leo anaijaribu kwanza upande wa kushoto.