Muulize Angemtumaje Mtoto Dukani

Ndugu zangu wabunifu, na ninyi wenye biashara mliokuja kusikiliza, asanteni. Nitazungumzia jambo moja tu: michoro mitatu ya nembo ikiwa mezani, mtajuaje upi unaeleweka kwa mtu atakayetoa hela yake?

Niwape kazi moja tuliyoifanya. Ilikuwa nembo ya unga wa lishe wa watoto, pakiti ya kilo moja ya kuuzwa kwenye maduka ya mtaani. Mchoro wa kwanza ulikuwa suke la ulezi ndani ya duara, wa pili mama na mtoto kwa mistari michache, wa tatu bakuli lenye kijiko. Mkurugenzi alipenda suke. Alilisema mapema, na kwa kujiamini, na baada yake kila aliyefungua mdomo alikuta sababu ya kulipenda suke.

Hali hiyo imepimwa. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na mwingine kwa urefu. Jibu lilikuwa wazi kabisa, lakini wenzao waliopangwa wakitaja jibu la uongo kwa sauti, wengi walilifuata angalau mara moja. Alipowaruhusu waandike majibu yao kwa siri, kufuata mkumbo kulipungua sana. Kama macho yanasalimu amri mbele ya mistari, mbele ya nembo, ambayo haina jibu moja, itakuwaje?

Kwa hiyo hatukuwaita akina mama kikao. Kikao cha mtaani kina mwenyekiti wake, kina mama anayeheshimika, na akishasema yeye wengine wanaitikia. Tulimfuata kila mmoja peke yake, pale anaponunua, wote wakiwa na watoto wanaolishwa uji. Aliyeuliza hakuwa mbunifu. Watu wetu wana adabu. Wakihisi kazi ni ya mikono yako, hawatakuvunja moyo.

Sasa maswali. Ukiuliza, "Je, nembo hii inaonekana ya kisasa?" umeshamtia neno mdomoni, na atakuitikia ndiyo. Hata "Umeipenda?" inamwomba awe jaji wa sanaa, kazi ambayo dukani haifanyi. Sisi tulichapisha kila nembo kwenye pakiti, tukaipanga rafuni kati ya pakiti nyingine, tukamwonyesha moja moja, kila moja kwa sekunde tano hivi, kisha tukaifunika. Tukauliza: "Umeona nini?" Halafu: "Unadhani ndani mna nini? Ni cha nani?" Akisita, tunanyamaza. Kunyamaza ni kugumu kuliko kuuliza, na mwulizaji asiyeweza kunyamaza huishia kumsaidia mtu kujibu. Anayeandika aliandika maneno yaleyale ya mama, bila kuyanyoosha. Mchoro wa kuanza nao tulikuwa tunaubadilisha kwa kila mtu, maana wa kwanza huwa kipimo cha wanaofuata.

Swali lililotufungua macho ni hili: "Ukimtuma mtoto dukani akakuletee huu, utamwambiaje?" Kwenye duka la mtaani mnunuzi husimama nje ya nondo, na muuzaji ndiye anayechukua rafuni. Nembo isiyotajika kwa mdomo haiuziki hapo. Kwa bakuli walijibu haraka: "Ule wa kijiko." Kwa mama na mtoto walisita, kadhaa walidhani ni kitu cha zahanati, kinachogawiwa bure. Na suke, lile la mkurugenzi, baadhi yao walisema ni chakula cha kuku.

Hapa naomba muwe waangalifu. Watu kumi na wawili au ishirini hawawapi asilimia. Saba wakichagua hii na watano ile, hiyo ni sare, msiende kuiandika kwenye ripoti kama ushindi. Mnachotafuta kwa idadi hiyo ni kosa la maana linalojirudia kwa watu wasiojuana. Akina mama wanne waliohojiwa mbalimbali wakitaja kuku, hilo si suala la ladha.

Tuliporudi ofisini, kila mjumbe alisoma kadi zenye maneno ya akina mama, akaandika uamuzi wake na sababu moja kabla ya mazungumzo kuanza. Karatasi zikasomwa kuanzia kwa wa cheo cha chini, mkurugenzi akawa wa mwisho. Yeye mwenyewe aliandika bakuli. Tukanenepesha mpini wa kijiko, kwa sababu kwenye muhuri wa rangi moja ulikuwa unapotea, tukarudi mtaani kwa akina mama wengine kabisa, maana wale wa kwanza walishaizoea sura yake na mazoea yangejibu badala yao.