Shiti imefungwa, na bado fomula zinaharibika

Ndugu zangu, fomu hii ni ya kituo cha kukusanya maziwa. Makarani watatu wanapokezana kwenye faili moja la Excel. Safu A ni tarehe, B namba ya mfugaji, C jina lake, D lita, E malipo. Karani anajaza A, B na D tu.

Kufunga hakuna maajabu. Kwa kawaida kila seli ina alama ya Locked, ila alama hiyo hailindi chochote mpaka ubonyeze Protect Sheet. Kwa hiyo chagua kwanza A5 hadi B1004, na D5 hadi D1004, ondoa Locked kwenye Format Cells, halafu ndipo ufunge. Vuta fomula hadi mstari wa 1004 kabla ya kufunga. Wengi hutegemea Table ijiongezee mistari. Kwenye shiti iliyofungwa, haijiongezi.

Kwenye Data Validation, lita nimeziwekea Decimal, kati ya 0.5 na 60. Mfugaji asiandikwe mara mbili siku moja, basi safu B ina Custom:

```
=COUNTIFS($A$5:$A$1004,$A5,$B$5:$B$1004,$B5)=1
```

Error Alert iwe Stop. Ukiweka Warning, karani mwenye foleni mlangoni atabonyeza Yes bila kusoma. Mimi ningebonyeza pia.

Sasa tuje kwenye kilichonitesa. Malipo yalikuwa `=D12*Bei`, Bei ikiwa jina la seli ya shiti nyingine. Karani akaandika 18.5 kwenye D12, akagundua ni za mfugaji wa mstari wa 13. Akakata kwa Ctrl+X, akabandika D13. Seli zote mbili ziko wazi, Excel haikumzuia. E13 ikawa `#REF!`, na jumla ya chini ikaharibika nayo. Hiyo angalau inaonekana. Lakini E12 ilizifuata lita zake hadi D13, ikaendelea kumlipa mfugaji wa mstari wa 12 maziwa ambayo hakuleta. Na karani hawezi kurekebisha, maana safu E imefungwa! Kuburuta seli kwa panya kunafanya vivyo hivyo.

Dawa ni fomula isiyoitaja seli ya lita moja kwa moja, bali inayosoma safu D kwenye mstari wake yenyewe:

```
=IF(INDEX($D:$D,ROW())="","",INDEX($D:$D,ROW())*Bei)
```

Kata, buruta, E12 itaendelea kusoma mstari wa 12. Jina kwenye safu C nalo lisome namba kwa njia hiyohiyo.

Limebaki la kubandika. Data Validation hukagua kinachochapwa, si kinachobandikwa. Ukinakili seli kutoka faili jingine, huja na umbo lake na kufuta kanuni uliyoweka. Ndiyo maana kila jioni mimi hufungua shiti, nikaweka upya kanuni kwenye safu nzima, kisha nikabonyeza Circle Invalid Data. Seli yenye lita 185 huzungushiwa duara jekundu, nami namrudia karani na daftari la mapokezi.