Acha nafasi ya mstari wa mwisho: taswira inayojirudia katika insha ya video

Asanteni kwa kufika. Leo nitazungumzia jambo moja tu katika utengenezaji wa insha za video: namna ya kuchagua taswira itakayoonekana mwanzoni, ijirudie katikati, kisha ifunge video kwa namna ya kumfanya mtazamaji aukumbuke mwanzo na kuuelewa upya. Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mfano wenyewe ni reli.

Tuseme tunatengeneza insha ya dakika 12 yenye swali hili: kwa nini mzigo unaotoka Zambia kwa treni ya TAZARA ukifika Kidatu hushushwa na kupakiwa kwenye mabehewa mengine ndipo uendelee kwa reli ya zamani? Jibu limo kwenye upana wa njia. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina sentimeta 100 kati ya chuma na chuma. TAZARA ina sentimeta 106.7. Magurudumu yaliyofungwa kwa upana mmoja hayawezi kupita kwenye upana mwingine, hata tofauti ikiwa ndogo kiasi hicho. SGR nayo, ambayo treni zake za abiria zilianza kwenda Morogoro mwaka 2024, ina sentimeta 143.5.

Namba tatu, basi. Video nzima inakaa juu yake, na taswira yetu itatoka humo humo.

Wazo la kwanza linalowajia wengi ni kwenda relini na futi ya chuma, kuilaza kati ya vyuma viwili na kupiga picha. Ni wazo zuri, lakini lina matatizo mawili. Njia ya SGR imezungushiwa uzio na juu yake pana nyaya za umeme mkubwa, kwa hiyo hamna ruhusa ya kushuka pale na kamera, na hampaswi kujaribu. Tatizo la pili ni la kiufundi na linawakuta hata wenye vibali vyote: shoti inayoonyesha upana mzima wa reli hufanya tarakimu za futi zisisomeke. Tarakimu ya sentimeta moja ndani ya fremu yenye kimo cha mita moja ni sehemu moja ya mia ya skrini. Anayetazama kwa simu ndani ya daladala ataona utepe wa njano tu.

Kwa hiyo tutumie chaki kwenye sakafu ya saruji. Mkono unachora mstari mmoja wima, futi inalazwa, mkono unachora mstari wa pili sentimeta 100 kutoka ule wa kwanza, kisha unaandika 100 kwa tarakimu kubwa zenye kimo cha sentimeta 10. Hiyo ndiyo shoti ya kufungulia. Katikati ya video mkono uleule unaongeza mstari wa 106.7. Mwishoni unaongeza wa 143.5. Mistari yote inapimwa kutoka mstari uleule wa kwanza wa kushoto, ndani ya fremu ileile, na hakuna kinachofutwa.

Sasa tazameni fremu yenyewe, kwa sababu kosa hutendeka hapa, na huonekana siku ya kuhariri wakati sakafu imeshaoshwa. Kamera inaning'inia juu ikitazama chini na kuona upana wa sentimeta 180. Kwa simu nyingi hiyo ni takriban mita moja na nusu kutoka sakafuni. Mstari wa kwanza uko sentimeta 15 kutoka ukingo wa kushoto. Wa 100 utaangukia kwenye 115, wa 106.7 kwenye 121.7, na wa 143.5 kwenye 158.5. Maana yake ni kwamba katika shoti ya kufungulia, sentimeta 65 za upande wa kulia ni sakafu tupu, zaidi ya theluthi moja ya picha.

Mpiga picha yeyote aliyefundishwa vizuri atataka kuirekebisha fremu hiyo. Atasogea karibu ili mistari miwili ikae katikati na ijaze picha. Akifanya hivyo, mstari wa 143.5 hauna mahali pa kukaa, na mwisho wa video italazimu kamera irudi nyuma. Hapo picha mbili zinakuwa zimeachana: mtazamaji anaona shoti mbili zinazofanana kidogo, na jicho lake halipati kitu kimoja kilichobadilika. Kwa hiyo fremu ya mwanzo inapangwa kwa kuanzia mwisho. Chora kwanza mistari yote minne kwa majaribio, weka kamera mpaka yote ikae vizuri, funga kila kitu, kisha futa na uanze upya na mstari wa kwanza. Utupu ule wa kulia mtazamaji atauona bila kuuliza. Ataukumbuka mstari wa mwisho utakapoujaza.

Hata tarakimu zinapangwa kwa kuanzia mwisho. 100 iandikwe kushoto kwa mstari wake, kwa sababu ukiiandika kulia mstari wa 106.7 utakuja kupita juu yake. 106.7 iandikwe kulia kwa mstari wake na chini kidogo ya 100, maana pale kushoto pana nafasi ndogo mno. 143.5 iandikwe chini zaidi, kushoto kwa mstari wake, kwa kuwa upande wa kulia fremu inakaribia kuisha. Mkono uingie kutoka chini ya fremu kila mara, usije ukaburuza kiwiko juu ya chaki iliyokwisha kuchorwa.

Zipigeni shoti zote tatu mchana mmoja, ndani ya saa moja, kwenye kivuli. Jua likihama, vivuli vinahama nalo, na mtazamaji anahisi siku nyingine bila kujua kwa nini. Kwenye iPhone, gusa skrini na ushikilie mpaka yatokee maandishi AE/AF LOCK, ili mwanga na fokasi visijibadilishe mkono unapoingia. Sakafu iwe kavu kabisa, kwa kuwa saruji yenye unyevu huwa nyeusi zaidi kisha hukauka mbele ya kamera. Mkono uwe wa mtu mmoja, shati moja, saa ya mkononi ileile. Kama simu itaguswa kati ya shoti na shoti, mtalirekebisha hilo kwenye kompyuta: weka klipu ya pili juu ya ya kwanza, punguza Opacity hadi nusu, kisha sogeza na kuza mpaka mistari ya zamani ilaliane. Kazi hiyo huwa rahisi mkirekodi kwa 4K na kutoa video ya 1080p, kwa sababu mnapata nafasi ya kusogeza bila kuharibu picha.

Sauti ya chaki rekodini kwa simu ya pili iliyowekwa karibu na sakafu. Ni nusu ya taswira hii, nami nitaieleza tukifika mwishoni.

Tuje kwenye taimulaini. Shoti ya kwanza inafungua video kwa sekunde 8 hivi, bila msimulizi. Sauti ya chaki, 100, kisha tunaingia kwenye treni, bandari, ramani. Msieleze chochote. Mkisema pale mwanzoni kwamba mistari hii ni upana wa reli na tutairudia baadaye, mtakuwa mmeshatumia akiba yenu. Maelezo yatakuja dakika ya pili, kwenye picha za Reli ya Kati, na mtazamaji ataunganisha mwenyewe.

Mstari wa 106.7 unakuja kama dakika ya tano, nao unahitaji sababu kutoka ndani ya hoja. Zambia haina bahari, na shaba yake ilipitia reli za Rhodesia. Serikali ya walowezi ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Kaunda alihitaji njia nyingine ya kufika baharini, na Nyerere alikuwa tayari. China ilitoa mkopo, ujenzi ukaanza 1970 na kukamilika 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Reli ya Zambia ilikuwa na sentimeta 106.7 kama zile za kusini, na TAZARA ikajengwa ili iungane nayo. Msimulizi akimaliza sentensi hiyo, mkono unaingia na kuchora. Sekunde nne zinatosha, na safari hii sauti ya msimulizi inaweza kuendelea juu yake. Shoti hii inafanya kazi ya kumkumbusha mtazamaji kwamba sakafu bado ipo. Mkiikosa, dakika 12 ni muda mrefu na mwanzo utakuwa umesahaulika. Mkiongeza ya tatu na ya nne katikati, atakuwa ameshaotea mwisho kabla hamjafika.

Kisha mwisho. Tumeshaeleza kuwa SGR ilichagua upana unaotumika sehemu kubwa ya dunia, kwamba una faida zake za kasi na uzito, na kwamba Kenya ilitangulia na upana huohuo kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Msimulizi ananyamaza. Picha ya treni mpya ingali kwenye skrini, lakini sauti ya chaki inaanza sekunde moja au mbili kabla ya sakafu kuonekana. Sikio linatangulia kukumbuka. Ndipo sakafu inatokea, mistari mitatu ikiwa tayari, na mkono unachora wa nne ndani ya ule utupu. 143.5. Acheni shoti hii sekunde 12, ndefu kuliko ya kwanza, kwa kuwa mtazamaji ana kazi mbili: kuona na kukumbuka. Msimulizi asirudi. Hasa asiseme kwamba kama tulivyoona mwanzoni, kila zama imejenga reli yake. Mistari imeshasema.

Wengi hupendelea njia nyingine, ya kurudisha mwishoni klipu ileile ya mwanzo, pengine kwa rangi iliyofifishwa. Mimi siikubali. Klipu iliyorudishwa haina habari mpya; inamwambia mtazamaji akumbuke, basi. Tena aliyeanzia katikati ya video, na wapo wengi, anaona kipande kisichomhusu. Mstari wa nne unaonekana ukichorwa sasa, na hata huyo aliyechelewa anapata kitu kamili: namba tatu tofauti zikianzia mstari mmoja.

Kabla ya kuitoa, ijaribuni kwa watu wawili ambao hawajui mnachotengeneza. Mmoja aone shoti ya mwisho peke yake. Akiweza kuwaeleza hoja yote, dakika 11 za katikati hazikuongeza kitu, na tatizo liko kwenye hati wala si kwenye chaki. Wa pili aangalie yote, lakini simamisheni pale sauti ya chaki inapoanza, sakafu haijatokea, mumuulize anategemea kuona nini. Akitaja sakafu, mmefika. Akitaja na namba yenyewe, punguzeni shoti ya katikati. Akikosa kabisa, msiiguse ya mwisho: rudini kwenye ile ya kwanza, muiongezee sekunde mbili na muondoe muziki wowote mliouweka chini yake.