Friji la Kukodi Linaporudi kwa Mwenyewe

KHAMIS: Bi Asha, friji umeshalirudisha?

ASHA: Limekwenda, lakini amana nusura iende nalo. Niliweka laki moja, kodi elfu sitini kwa mwezi. Notisi nilitoa wiki mbili kabla, kwa ujumbe wa simu, kama mkataba unavyotaka. Wakaja kulichukua tarehe 12.

KHAMIS: Wakalikagua palepale?

ASHA: Hapo ndipo penye kazi. Lilikuwa na barafu, na barafu lazima iyayuke kwanza, la sivyo maji yatamwagika njiani. Ukilizima usiku ukaliacha hivyo, asubuhi wanakuta kabati la joto. Utathibitishaje kuwa linagandisha?

KHAMIS: Na mtu akikwangua barafu kwa kisu?

ASHA: Mwana wewe! Ukitoboa bomba la friza gesi yote inatoka, na hilo utalilipa wewe. Mimi nililizima jioni, nikaacha mlango wazi na bakuli la maji moto ndani. Alfajiri nikalifuta, nikaliwasha tena likiwa tupu. Walipofika saa nne, gilasi ya maji niliyoitia friza ilishaanza kuganda. Nikarikodi video, namba ya friji ikionekana, ndipo nikachomoa waya.

KHAMIS: Kabla halijabebwa.

ASHA: Ndiyo. Kwetu Mji Mkongwe gari haifiki mlangoni. Mahamali wanapita nalo vichochoroni mpaka barabarani. Wakililaza, oili ya kompresa inaweza kuingia kwenye mabomba. Likifika dukani likagoma, lawama ni yako kama huna ushahidi.

KHAMIS: Hesabu ikatoka vipi?

ASHA: Mwenye duka ati anataka mwezi mzima elfu sitini, na kutu ya miguuni elfu arubaini. Laki yote imekwisha!

KHAMIS: Kutu, na bahari iko hapo nyuma ya nyumba?

ASHA: Nikamtolea picha ya siku walipolileta. Kutu ilikuwapo pembe ileile, sasa imezidi kidogo tu. Huo ni uchakavu, sikuugonga mimi. Kuhusu kodi, mkataba wetu unasema mwezi ukikatika zinahesabiwa siku. Elfu mbili kwa siku, mara kumi na mbili, elfu ishirini na nne.

KHAMIS: Mkataba usingesema hivyo?

ASHA: Pengine ningelipa mwezi mzima, ndiyo maana siku ya kuondoa nilipaswa kuipanga mwisho wa mwezi. Hilo kosa langu. Na droo ya mboga aliivunja mwanangu, sikubisha, elfu kumi na tano. Mahamali elfu kumi, imeandikwa. Jumla arubaini na tisa, nikarudishiwa hamsini na moja.

KHAMIS: Droo ya plastiki elfu kumi na tano!

ASHA: Sikiliza basi. Wiki ya pili napita dukani kwake, naiona droo yangu imetiwa gundi, imo kwenye friji jengine, linasubiri mteja.