Safu mbili za jedwali: kusoma a na b kwenye dodoso la sonona

(Mhadhara kwa maafisa tabibu, wauguzi wa afya ya akili na madaktari wanaohudumia wakimbizi wa Kongo katika kambi ya Nakivale. Ulitolewa Mbarara kwa Kiswahili, na umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Asanteni, ndugu zangu. Sista mmoja aliniambia nje hapo kwamba akifungua makala ya jarida kuhusu dodoso, anasoma muhtasari, akifika kwenye jedwali lenye herufi a na b anaruka mpaka hitimisho. Nikamwambia leo tunakaa palepale anaporuka.

Dodoso lenyewe mnalijua: PHQ-9, lililochapishwa na Kroenke, Spitzer na Williams mwaka 2001. Maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu kuanzia 0, hapana kabisa, mpaka 3, karibu kila siku. Tunajumlisha, tunapata kati ya 0 na 27, na 10 ndipo wengi wetu tunaposimama na kusema huyu tumwangalie vizuri zaidi.

Sasa niwape wagonjwa wawili. Wa kwanza, mama mmoja: uchovu 3, usingizi 3, hamu ya kula 3, kushindwa kutulia kwenye jambo 1. Jumla 10. Wa pili, kijana: huzuni 3, kukosa raha na mambo 3, kujiona hafai 3, mawazo ya kufa 1. Jumla 10. Nikiwauliza nani anakutia wasiwasi zaidi kwa sonona, hakuna hapa atakayesema wako sawa. Lakini karatasi inasema wako sawa, kwa sababu kujumlisha kunahesabu kila pointi kuwa na uzito uleule, itoke kwenye uchovu au kwenye kujiona hafai. Nadharia ya majibu ya maswali inaanzia kwenye manung'uniko hayohayo.

Inasema hivi. Kuna kitu hatukioni, kiwango cha sonona cha mtu, tukiite teta. Watu wa utafiti wanapewa mizani ambayo wastani wao ni 0. Aliye na sonona zaidi yuko 1 au 2, aliye na nafuu yuko chini ya 0. Kila swali lina tabia yake ya kuitikia kiwango hicho, na tabia hiyo inaandikwa kwa namba. Kwa majibu yenye ngazi, kama haya ya 0 mpaka 3, modeli inayotumika sana ni ya Samejima ya mwaka 1969:

```
P(jibu ≥ k) = 1 / (1 + exp(-a(θ - b_k)))
```

Msiogope. Isomeni kwa maneno: uwezekano wa mtu kujibu angalau k unategemea umbali kati yake (θ) na kizingiti cha swali (b), na umbali huo unazidishwa na a. Jibu lina ngazi nne, kwa hiyo kila swali lina vizingiti vitatu: cha kutoka 0 kwenda 1, cha kufika 2, cha kufika 3. Ndiyo maana jedwali lina a moja lakini b tatu.

Tuanze na b, ambayo wanaiita ugumu. Neno hili limetoka kwenye mitihani ya shule, ambako nadharia hii ilikulia, na kwetu linapotosha. Swali gumu la mtihani wa darasa la saba ni lile ambalo mtoto lazima awe hodari ndipo alipate. Swali gumu la sonona ni lile ambalo mtu lazima awe amezama ndipo alikubali. Halihusu ugumu wa kulielewa wala ugumu wa kumtibu. b ni mahali kwenye mizani ambapo nusu ya watu wa kiwango hicho wamevuka kizingiti. Basi.

Nitaweka namba ambazo nimezitunga kwa ajili ya darasa hili, msije mkazinukuu. Tuseme mawazo ya kufa yana a ya 2 na kizingiti cha kwanza cha 1.5. Mtu aliye kwenye wastani, teta 0, ana uwezekano wa asilimia 5 hivi wa kusema hata "siku kadhaa". Akiwa kwenye 1 ni asilimia 27. Akifika 1.5 ni nusu kwa nusu. Akiwa 2 ni 73. Sasa mnaelewa kwa nini 1 kwenye swali la tisa na 1 kwenye uchovu ni pointi mbili zisizofanana kabisa. Uchovu kizingiti chake cha kwanza huwa chini, tuseme -0.8. Mtu anavuka hapo akiwa hata hajafika wastani.

Sasa a, ambayo kwa Kiingereza wanaiita discrimination. Kwa Kiswahili tafadhali msiite ubaguzi. Nimeiona tafsiri hiyo na ilinichekesha, tena kidogo iniudhi. Ni nguvu ya kupambanua: swali linawatenganisha vipi watu wanaokaribiana kwenye mizani. Tuchukue huzuni yenye a ya 2.5 na kizingiti cha 0. Mtu wa -1 ana asilimia 8 ya kulikubali, mtu wa 1 ana asilimia 92. Swali limebadilika kabisa kati ya watu hao wawili. Uchovu, wenye a ya 1 na kizingiti cha -0.8: mtu wa -1 ana asilimia 45, mtu wa 1 ana asilimia 86. Akikuambia amechoka, umejifunza kitu, lakini kidogo. Kuna hesabu ya taarifa ambayo swali linatoa pale kwenye kizingiti chake. Inakwenda kwa a mara a, kugawa kwa nne. 2.5 inakupa 1.56, na 1 inakupa 0.25. Zaidi ya mara sita. Hamtaki kujumlisha vitu vyenye tofauti hiyo kama maembe ya fungu moja.

Tukirudi kwa wale wawili. Nilipowapigia hesabu kwa namba za mfano za maswali yote tisa, mama alitua jirani na 0 na kijana alipita 1. Jumla ileile. Mama alivutwa juu na maswali matatu yenye a ndogo, lakini sifuri zake kwenye huzuni, raha na kujiona hafai zilimrudisha chini kwa nguvu. Kwa kijana ikawa kinyume. Na naomba mnisikie vizuri: sijasema mama yuko salama. Mtu mwenye uchovu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula karibu kila siku ninampima damu, ninamuuliza kikohozi, ninaangalia TB na VVU. Modeli imesema tu kwamba dodoso halijanipa sababu kubwa ya kuita hali yake sonona.

Hapo ndipo jedwali linapohitaji jicho la daktari kuliko la mtakwimu. Modeli inadhani kwamba kinachomfanya mtu ajibu ni sonona peke yake. Nakivale, mgao wa chakula ukipunguzwa, swali la hamu ya kula linajibiwa na tumbo. Watu wawili wenye sonona sawa, mmoja ana TB na mwingine hana, hawatajibu uchovu sawa. Makala nzuri itakuwa imepima hili, kwamba swali linafanya kazi tofauti kwa makundi mawili yenye teta ileile. Ikiwa haikupima, hizo b ni za watu wake, si za wagonjwa wako. Hata ile 0 ni yao: utafiti uliofanyika kliniki ya akili una wastani wa wagonjwa, utafiti wa kijijini una wastani wa kijiji, na b ya 1 kwenye moja haitui mahali pamoja na b ya 1 kwenye nyingine.

Kuna swali moja ambalo nalisema kila ninapopewa kipaza sauti. La nane. Linauliza kama umekuwa ukitembea au kuzungumza polepole mpaka watu wakagundua, au kinyume chake, hutulii, unahangaika kuliko kawaida. Nimewahi kumsomea bibi mmoja kutoka Kivu Kaskazini. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, unaniuliza gani sasa, ya polepole ao ya mbio?" Nikarudia. Akasema, "Sawa, andika unachotaka." Nikaandika 1. Hiyo 1 imo kwenye data. Ukiona a ya swali la nane iko chini kwenye tafsiri, usiharakishe kusema watu wa hapa hawana dalili hiyo. Kwanza soma sentensi yenyewe kwa sauti.

Na a kubwa mno nayo ina shida. Ukikuta 4 au 5, wakati nyingine zote ni 1 na 2, shuku maswali mawili yanayouliza kitu kimoja kwa maneno tofauti. Mtu akikubali moja anakubali la pili, modeli inadhani imepata dhahabu. Namna ya kutambua: watafiti waondoe moja, wakokotoe upya, waone kama a ya lililobaki inaanguka. Ikianguka, ilikuwa mwangwi.

Hapa Uganda tunao mfano mzuri wa kuanzia kwenye maana. Ule utafiti wa tiba ya vikundi wa Masaka na Rakai, uliochapishwa mwaka 2003, ulianza kwa kuwauliza wenyeji shida zao wanaziitaje, wakapata majina mawili ya Kiganda, yo'kwekyawa na okwekubazida: kujichukia na kujihurumia. Kwa maoni yangu, swali la kujiona hufai likitafsiriwa kutoka ndani ya neno kama yo'kwekyawa litapambanua vizuri kuliko likitafsiriwa neno kwa neno.

Mtego wa mwisho, mdogo lakini umewaangusha wengi. Baadhi ya makala zinatumia programu ya `mirt`, ambayo kwa kawaida haitoi b bali d, na d ni -a mara b. Mawazo ya kufa ya mfano wetu, a 2 na b 1.5, yatasomeka d = -3. Alama imegeuka: swali lililo gumu kuliko yote linaonekana la chini kuliko yote. Kabla ya kusoma safu, soma jina lake.

Ndiyo, daktari kule nyuma? Anauliza: kama kwenye makala swali la tisa lina taarifa ndogo kwa watu wa kawaida, mbona tusiliondoe ili dodoso liwe fupi?

Hapana. Taarifa yake ni ndogo karibu na 0 kwa sababu kizingiti chake kiko juu. Huko juu ndiko linakofanya kazi. Tena hatuliulizi kwa ajili ya teta peke yake. Mtu akijibu 1 hapo, weka karatasi chini, mwulize ameanza lini kuwaza hivyo, kama ana mpango, na nani yuko naye nyumbani usiku huu.