Uongo wa Mtoto wa Miaka Minne
Mhadhara kwa wazazi na walimu wa madarasa ya awali, Tabora

Shikamooni wazee wetu. Walimu na wazazi, mwangaluka.

Leo nashika umri mmoja tu, miaka 2 hadi 7. Huo ndio umri ambao uwezo wa kudanganya unajengeka, na ndio umri ambao fimbo zetu nyingi zinafanya kinyume cha tulichokusudia.

Chukueni tukio ambalo nyumba nyingi za hapa zinalijua. Asali imeletwa kutoka Sikonge, bado ina masega yake, imewekwa kwenye ndoo ndogo chini ya meza. Mama anamkataza mtoto wa miaka 4 asiiguse, kisha anatoka kwenda kuteka maji. Akirudi anakuta kifuniko kiko sakafuni, nzi wameshajaa, na kidevu cha mtoto kinang'aa.

"Umekula asali?"

"Sijala."

Mama hagombi. Anauliza tu, "Haya, ikoje, nzuri?"

"Tamu, ila ina nta. Nimeitema."

Jibu la kwanza ni uongo, na jibu la pili limeuvunja papo hapo, wala mtoto hajui kwamba limeuvunja. Kudanganya kunadai kazi tatu kwa pamoja. Kwanza ujue kwamba mwenzako hakuona, kwa hiyo anachoamini kinaweza kuwa tofauti na unachokijua wewe. Pili uuzuie ukweli ambao tayari uko mdomoni. Tatu, kila jibu linalofuata ulipime na lile ulilokwisha kutoa. Mtoto wetu amezimudu mbili za mwanzo kwa neno moja, "sijala." Ya tatu imemshinda: hajafikiria kwamba asiyeila asali hawezi kujua kuwa ina nta.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1989 Michael Lewis na wenzake, huko Marekani, waliwaweka watoto 33 wa karibu miaka 3, mmoja mmoja, chumbani na kitu cha kuchezea nyuma ya mgongo, wakaambiwa wasigeuke kukitazama. Waligeuka 29. Walipoulizwa, 11 walikiri, 11 wakakana, waliobaki hawakujibu. Mwaka 2002 Victoria Talwar na Kang Lee walitumia jaribio la aina hiyohiyo kwa watoto wa miaka 3 hadi 7, wakaongeza swali moja: "Unadhani ni kitu gani?" Wengi wa miaka 3 hadi 5 waliokuwa wamekana kuchungulia walikitaja kitu chenyewe kwa jina. Kwa wale wa miaka 6 na 7, karibu nusu walijifanya hawajui. Kwa hiyo mtoto anayeanza kukana akiwa na miaka 3 au 4 hajaharibika. Akili yake imefika mahali pa kutambua kwamba mama ana mawazo yake na yeye ana yake, na karibu watoto wote hupita hapo.

Chini ya umri huo tuwe waangalifu zaidi kabla ya kumwita mtoto mwongo. Wa miaka 2 au 3 akisema "baba ameniletea baiskeli" na baiskeli haipo, mara nyingi anatamka anachokitamani. Hajakusudia wewe uamini jambo la uongo, na bila kusudio hilo hakuna udanganyifu.

Sasa mtazameni mtu mzima kwenye asali hiyohiyo, muuzaji aliyeichanganya na maji ya sukari. Amejiandaa kabla hujafika. Anajua utauliza imetoka wapi, naye anakutajia kijiji cha kweli. Anakuonjesha kutoka ndoo ya mbele, ambayo ni safi kabisa. Karibu kila anachosema ni kweli. Uongo uko kwenye ndoo utakayobeba, na pengine hajasema neno lolote juu yake. Ukirudi wiki ijayo, jibu lake litakuwa lilelile. Amemchagua mtu wa kumdanganya, amepima faida, ameyapanga yote mapema. Mtoto hakupanga chochote. Ameona uso wa mama umebadilika, akatafuta neno la kuurudisha ulivyokuwa.

Na hapo ndipo adhabu inapoingia, kwa sababu kinachomsukuma ni hofu. Utafiti wa Talwar na Lee uliotoka mwaka 2011 ulilinganisha shule mbili za Afrika Magharibi. Moja ilichapa watoto hata kwa makosa madogo, nyingine haikuchapa. Watoto wa miaka 3 na 4 walichungulia katika shule zote mbili. Kwenye shule isiyochapa, waliokana walizidi nusu kidogo. Kwenye shule ya fimbo walikana karibu wote, na walipoulizwa ni kitu gani walijua kuficha kuliko wenzao wa umri uleule. Nawaomba walimu mlitafakari hili. Fimbo haikuwazuia watoto wale kuchungulia wala kudanganya. Iliwafundisha ile kazi ya tatu kabla ya wakati wake.

Basi mama wa asali afanye nini? Asiulize anachokijua. "Umekula?" hapo ni mtego, na mtego humlazimisha mtoto wa miaka 4 achague kati ya kukiri na kukana, huku anaogopa. Aseme anachokiona: "Naona asali imefunguliwa, na nilikukataza. Leta kitambaa tufute." Asali ihamishiwe juu. Kama kuna adhabu, iwe ya kula asali, na mtoto akikiri mwenyewe aone waziwazi kwamba imepungua kwa sababu hiyo. Akikiri leo akapigwa sawasawa na aliyekana, kesho hakiri.

Kuna wakati kweli hujui na lazima uulize. Hapo umwombe kwanza aahidi kusema kweli, kwa maneno yake mwenyewe. Ahadi hupunguza uongo kwa watoto wengi, ingawa si wote. Hata Sheria yetu ya Ushahidi, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, mradi kwanza aahidi mahakamani kusema kweli na kutosema uongo.

Msimsome machoni. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliotoka mwaka 2006, ulionyesha kwamba watu hupambanua kweli na uongo kwa wastani wa asilimia 54 tu, karibu sawa na kubahatisha. Na kwetu huku mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa anafanya alivyofunzwa, kwa hiyo macho ya chini hayathibitishi lolote.

Uongo unaotaka hatua nyingine ni ule wenye mkono wa mtu mzima ndani yake. Mtoto mdogo ambaye kwa kawaida hujifichua mwenyewe, ghafla ana jibu lililonyooka, maneno ya kikubwa, halibadiliki hata neno: "Nilianguka kwenye ngazi," na nyumbani hakuna ngazi. Huenda amefundishwa, au ametishwa. Msimtajie jina la mtu, wala msirudie swali lilelile mara kwa mara, maana mtoto wa umri huu anaweza kukubali jambo ambalo halikutokea ili tu swali liishe. Mwambieni, "Nieleze ilivyokuwa, tangu mwanzo," kisha mnyamaze, mmwachie muda mrefu kuliko mnavyoona inatosha. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyanyoosha, myapeleke siku hiyohiyo kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Aliye mbali na ofisi apige 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto.